Ufunguo wa Kasulu Ulitumika Jana

Laptopu mpya ilifika Kibondo siku ya Alhamisi, ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, imesafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam kama mzigo wa vitenge. Ilikuwa masika ya mwaka 2014. Ile ya zamani ilikuwa imeungua kwa radi wiki tatu nyuma, nami nilikuwa nimeichomeka ukutani huku mawingu nikiyaona kwa macho yangu. Sina wa kumlaumu. Mvua za huku ninazijua.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi hata kidogo, kwa sababu tangu Jumatatu nilikuwa nimebeba maneno ya mjane wa mwenzangu, na laptopu ile ndiyo ingenionyesha kama yana ukweli au la.

Tulikuwa wawili katika mradi ule wa chanjo, mimi Kibondo na mwenzangu Kasulu. Tuliandika programu ndogo: mama akija kliniki anaacha namba yake ya simu, na siku mbili kabla ya tarehe ya chanjo inayofuata anapata ujumbe wa kumkumbusha. Ujumbe wote ulitoka kwenye kompyuta moja ya mezani iliyokuwa katika chumba chake cha kazi mjini Kasulu, yenye modemu na laini ya simu. Programu yenyewe tuliihifadhi mtandaoni, kwenye ghala la git, ambalo linatunza kila badiliko na jina la aliyelifanya. Akaunti ilikuwa moja tu, kwa jina lake. Wakubwa wetu waliona akaunti ni kama gari la ofisi, watu wazima wawili hawashindwi kupokezana.

Wiki sita kabla ya boksi lile kufika, mwenzangu alikufa. Alikuwa akishuka na pikipiki kutoka kwake Heru Juu kwenda mjini, asubuhi ya ukungu, akakutana na lori la mihogo kwenye kona. Hakufika kazini.

Tatizo ni kwamba mkewe alipata ujumbe unaosema amefika.

Hilo sikulijua mpaka Jumatatu ile aliponipigia. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, na utulivu ule ulinikera, maana nilijiandaa kwa kilio.

"Shemeji," alisema, "ameandika tena."

"Nani?"

"Baba watoto. Jana saa kumi na mbili na nusu jioni. Kaandika, nimefika. Juzi vilevile. Na asubuhi ile walipokuja kuniambia amegongwa, mimi nilikuwa na ujumbe wake mkononi. Nikawaambia mnamlilia nani? Amefika, ameniandikia."

Nikamwuliza ujumbe unatoka namba gani. Akasema ile ya siku zote, aliyoisevu mumewe kwa mkono wake mwenyewe: Baba Watoto Kazini. Kila asubuhi kwa miaka miwili mumewe akifika ofisini ujumbe ulimjia kutoka namba hiyo, neno moja, naye ndipo alipoweza kuendelea na shamba lake la maharage bila kuisikilizia barabara. Siku ya maziko sanduku halikufunguliwa. Walimwambia uso haufai kuonwa. Tangu hapo alikuwa amekataa matanga yaanuliwe, na jioni akipata ujumbe aliuacha mlango bila komeo.

"Wanasema nimechanganyikiwa," aliniambia. "Mama mkwe anataka simu aitupe chooni. Jumapili wanaanua matanga, nitake nisitake. Wewe ni mtu wa kompyuta. Niambie tu."

Nikaanza kumweleza kuwa namba ile ni ya modemu, na lazima kuna mashine nyuma yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ego, haya, shemeji. Kama ni mashine, iambie inyamaze. Usiizime, maana hata mtu ukimfungia chumbani hutamsikia. Iambie inyamaze yenyewe. Ikinyamaza nitakubali matanga yaanuliwe."

Nilipiga simu ofisi ya Kasulu nikaomba mtu aingie chumba cha marehemu akatazame. Mtunza stoo, mzee wa makamo aliyemheshimu sana mwenzangu, alikataa katakata. Hapo kwao kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka matanga yaanuliwe, na chumba kilikuwa na kufuli tangu siku ya msiba. Akina mama walikuwa bado wanapata ujumbe wa kliniki, basi shida iko wapi? Kisha akashusha sauti. "Halafu kijana wangu, mle ndani panaongea. Umeme ukirudi, panalia tii, halafu panaunguruma. Sisi tukisikia tunatoka nje."

Ikawa duara. Chumba hakifunguliwi kwa sababu ya matanga, na matanga hayaanuliwi kwa sababu ya kilichomo chumbani. Nilimkasirikia mtunza stoo, nikamkasirikia na marehemu, na siku tatu zile niliwafokea watu ambao hawakuhusika na lolote. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Kwa hiyo Alhamisi nikafungua boksi, nikajifungia katika chumba changu nyuma ya jengo la kliniki. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Nikaweka mfumo, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiagiza git inishushie programu yetu. Jibu likaja kwa Kiingereza, la herufi kavu: *Permission denied*. Ruhusa imekataliwa.

Hilo nililitegemea. Ghala letu halimtambui mtu kwa neno la siri. Linamtambua kwa ufunguo wa SSH uliomo ndani ya mashine yake. Funguo hizo huzaliwa pacha. Mmoja ni wa siri na hautoki kamwe kwenye mashine. Mwingine ni wa wazi, unaupeleka ghalani ukakae kwenye akaunti yako. Ukibisha hodi, ghala linatazama kama pacha wako yupo. Wangu wa siri ulikuwa umeungua na radi, na huo haurudishwi na mtu yeyote. Ilibidi nitengeneze jozi mpya.

Nikaandika ssh-keygen, amri ya kuzitengeneza. Ikaniuliza faili liitweje, nikaandika *kibondo*, nikaona nimekuwa mjanja. Kisha nikaingia kwenye tovuti ili niupeleke ule wa wazi. Hapo nilihitaji neno la siri la akaunti, yaani lake. Aliniandikia zamani nyuma ya kadi ya chanjo, na kadi ilikuwa kwenye mtoto wa meza, mwandiko wake umelalia kushoto kama kawaida. Nikaliandika herufi kwa herufi. Nilijihisi kama ninampekua mtu mifuko.

Ukurasa wa funguo ulichukua dakika kadhaa kufunguka. Kulikuwa na funguo mbili, na kila mmoja una maelezo yake. Wa kwanza, *Kibondo*, wangu ulioungua: ulitumika mara ya mwisho wiki tatu zilizopita. Sawa. Wa pili, *Kasulu*.

Ulitumika jana.

Nilisoma mara tatu. Nikainuka nikafungua mlango wa chumba, nikaurudishia, nikakaa tena. Mimi ni mtu wa mashine. Nilijua kuna kitu kinautumia ufunguo ule na kwamba kitu hicho si marehemu. Nilijua vizuri kabisa. Lakini kwa mara ya kwanza nilimwelewa yule mtunza stoo.

Nikaubandika ufunguo wangu wa wazi, nikauita *Kibondo mpya*, nikaufuta ule wa radi. Papo hapo tovuti ikaniarifu kwamba imemtumia mwenye akaunti barua pepe: ufunguo mpya umeongezwa kwenye akaunti yako, kama si wewe uliyeuongeza, uondoe mara moja. Barua ilikwenda kwake. Nikaikodolea macho skrini, nikiogopa kwa upumbavu kwamba atauondoa.

Nikabisha tena ghalani. Ruhusa imekataliwa.

Nikaangalia maandishi ya ufunguo wa wazi kama nimeyabandika yote. Yote. Nikarudia. Imekataliwa. Hapo hasira zikanisaidia kidogo, maana mtu mwenye hasira haogopi sana. Niliiagiza SSH ijieleze hatua kwa hatua, kwa kuongeza ile herufi v, nikasoma mistari yake mmoja mmoja. Ilikuwa inatafuta ufunguo kwenye folda yake maalumu ya .ssh, kwa majina yale inayoyajua, haiukuti, inaondoka. Haikuwa na habari na kitu kinachoitwa *kibondo*. Nilikuwa nimeandika amri nikiwa ndani ya flashi yangu, na kwa sababu nilitaja jina tupu, funguo zote mbili zilibaki kwenye flashi. Mjanja mimi.

Nikazinakili kwenye folda inayostahili, nikaandika faili dogo la maelekezo: ukienda kwenye ghala lile, tumia ufunguo huu. Nikabisha.

Safari hii skrini ilijaa alama za @ kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati onyo: ruhusa za faili hili zimelegea mno, ufunguo wa siri haupaswi kusomwa na wengine, kwa hiyo umepuuzwa. Mwisho wake yale yale, imekataliwa. Flashi haijui kuweka mipaka ya nani asome nini, na nilipounakili kutoka kule ufunguo ulikuja ukiwa wazi kwa kila mtu wa mashine ile. Hata kama mtu ni mimi peke yangu, SSH haitaki. Ufunguo ulioachwa wazi inauhesabu kama umekwisha kuibwa.

Jambo hilo alinifundisha yeye, kwenye benchi la kliniki ya Murungu, tukila mahindi ya kuchoma. "Chmod mia sita," alisema, "halafu ulale. Mwenye mali asome na aandike, wengine wote wageuze uso." Nikaandika chmod 600 na jina la ufunguo. Sikulala, ila niliandika.

Kisha nikabisha kwa amri ile ya majaribio tu, isiyoshusha kitu, ya kuuliza kama unafahamika.

Ghala likajibu. Lilimsalimia kwa jina lake. Habari, fulani! Umetambuliwa, ila hapa hatutoi nafasi ya kuingia ndani.

Ni salamu ya kawaida. Ghala humpa kila mtu, kwa jina la akaunti ambamo ufunguo umewekwa, na akaunti ilikuwa yake. Zamani nilikwisha kuiona mara moja, tukacheka; ukiwa unashusha na kupandisha kazi zako za kila siku haitokei. Nilikuwa nimeisahau. Sasa jina la mtu niliyemtupia udongo kaburini lilikuwa mbele yangu, limeandikwa kwa furaha na alama ya mshangao, nami ndiye niliyekuwa nimeitikia. Nilizima skrini kwa kuikunja. Nilitoka nje nikasimama chini ya bati mpaka mvua ikapungua, na sioni aibu kusema kwamba nililia.

Niliporudi programu ilishuka bila ubishi. Nilikuta nilichokuwa nakitafuta ndani ya faili ambalo yeye peke yake alikuwa akiligusa. Mashine ya Kasulu ikiwaka, kwanza inakwenda ghalani kwa ufunguo wake kuchukua programu mpya kama ipo. Ikifanikiwa, inaendesha programu, na kabla ya kuanza orodha ya akina mama inatuma ujumbe mmoja wa kujaribu modemu. Watu wengine huandika *jaribio*. Yeye aliandika *Nimefika*, na namba iliyofuata ilikuwa ya mkewe. Kwa mstari mmoja alijaribu modemu na kumtuliza mke.

Hiyo ilieleza miaka miwili. Haikueleza asubuhi ile ya ukungu, kwa sababu mashine iliwashwa kwa kidole chake, na kidole hakikufika. Nikasoma kumbukumbu za mabadiliko. La mwisho kabisa lilikuwa la siku nne kabla ya ajali, na maelezo yake aliyaandika kwa Kiswahili, kama tulivyozoea: *Nimeiset mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Sitaki akina mama wakose ujumbe nikichelewa.*

Umeme wa Kasulu siku zile ulikuwa wa mgao. Ukirudi asubuhi, mashine iliamka asubuhi. Ukirudi jioni, jioni. Asubuhi ile umeme ulirudi yeye akiwa barabarani.

Nikaufuta mstari. Nilipotaka kulihifadhi badiliko, git ikakataa, kwa sababu laptopu ilikuwa mpya na haijawahi kuambiwa. *Tafadhali niambie wewe ni nani*, ndivyo ilivyosema kwa Kiingereza chake. Baada ya salamu ile, sijui kama niliwahi kuulizwa swali gumu zaidi. Niliandika jina langu, herufi kubwa mwanzoni, na barua pepe yangu. Kwenye maelezo niliandika: *Nimeondoa ujumbe kwa nyumbani.* Nikapandisha ghalani. Lilipokea.

Jumamosi nilikwenda Kasulu, na jioni nikapanda Heru Juu kwa bodaboda. Mjane alikuwa uani anaanika mihogo ingawa jua lilikuwa limekwisha. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye mkeka, na jirani mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni alikuja kunitazama. Nilisalimia. Bibi yule aliniitikia kwa Kiha, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, "Wewe mwambie. Mwanangu nimemzika mimi."

Tukaingia ndani sote, bibi na mkeka wake, tukakaa. Nilimweleza mjane kila kitu, kuanzia mstari, namba yake, hadi mashine kujiwasha. Sikumficha ile tarehe ya siku nne kabla.

"Na umeiambia?"

"Nimeiambia. Umeme haujarudi tangu Alhamisi; ukirudi leo itachukua maneno mapya. Itawaandikia wenye kliniki tu."

Aliweka simu yake juu ya goti, kioo juu. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia pale tuliweza kuuona mji kule chini, mweusi. Heru Juu nguzo za umeme hazikuwa zimefika wakati ule, hivyo taa za mjini ndizo zilikuwa saa yetu. Nilikuwa na hofu ya kipuuzi. Niliandika programu ile mwenyewe nusu yake, nilijua itakavyofanya, na bado nilikuwa naomba Mungu simu isilie.

Mji ukawaka wote kwa mara moja.

Nilihesabu kimoyomoyo: mashine inaamka, inatafuta mtandao, inakwenda ghalani na ufunguo wake, inarudi. Dakika moja. Mbili. Dakika ya tatu simu ikalia, na mjane akaruka akaishika kwa mikono yote miwili, bibi akamwita Mungu wake kwa Kiha, "Imana yanje!"

Haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani, kwenye pindo la kitenge. Aliitoa akanipa nimsomee, kwa kuwa maandishi ya skrini yalikuwa madogo mno kwake. *Mama, Jumatatu ni kliniki ya mtoto. Usikose.* Namba ilikuwa ile ile ya modemu.

Mjane alinyoosha mkono akaiomba. Alilinganisha namba kwenye simu ya jirani na namba kwenye simu yake, tarakimu kwa tarakimu, kidole kikifuata. Kisha akatazama simu yake mwenyewe mpaka taa yake ikazimika.

"Imeamka," alisema.

"Imeamka."

"Na mimi haijaniandikia."

"Hapana, shemeji."

"Basi hakufika," alisema. Ndipo akalia, kilio kilichokuwa kimechelewa wiki sita, na mama mkwe wake alitambaa kutoka kwenye mkeka akamshika kichwa akakilaza mapajani kwake. Jirani akatoka na mtoto wake taratibu. Mimi sikujua pa kuweka macho. Nilijichukia, kana kwamba ni mimi niliyekuwa lori.

Alipotulia alijifuta kwa kanga, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Na kule ghalani, ulisema walikusalimia kwa jina lake. Bado wanamwita?"

Nikamwambia bado, ila nitabadilisha, akaunti nitaihamishia kwa jina langu Jumatatu, ni kazi ya dakika tano.

"Acha," alisema. "Kwako haidhuru. Waache wamwite."

Niliacha. Nilifanya kazi kwenye mradi ule mwaka mzima mwingine, na siku moja moja, nikiwa peke yangu Kibondo, niliandika ile amri ya majaribio isiyofanya kitu chochote, nikasalimiwa.

Jioni ile niliaga nikatoka. Kesho yake wangeanua matanga, na Jumatatu mtunza stoo angefungua kufuli. Dereva wa bodaboda alikuwa ananisubiri kwenye mgomba, anapiga soga kwa simu. Sikuwa nimemfikia niliposikia, nyuma yangu, komeo la mlango likiingia.